Kusoma Kiarabu kwenye picha: kipi kinaonwa, kipi kinakisiwa

Ukielekeza kamera ya simu kwenye karatasi ya Kiarabu na Kiswahili kikajitokeza juu yake, kwa kawaida zimefanyika kazi mbili. Ya kwanza ni utambuzi wa herufi: picha, ambayo kwa mashine ni madoa ya giza na mwanga tu, inageuzwa kuwa maandishi unayoweza kuyanakili. Ya pili ni tafsiri, nayo haiioni picha; inapokea tu ilichokabidhiwa na ya kwanza. Ni vizuri kuzitenganisha, maana kila moja hukosea kwa namna yake.

Tuchukue mstari wa kawaida kabisa, ule anaouandika mfamasia kwenye pakiti ya dawa Maskati au Dubai:

قرص واحد ٣ مرات يوميا بعد الأكل

Husomwa *qurs wahid, thalatha marrat yaumiyan, baada al-akl*, yaani kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya kula.

Aliyepitia chuo cha Kurani anajua kwamba herufi hizi hushikana na hubadilika sura kulingana na mahali zilipo: bee ya mwanzo wa neno si bee ya mwisho. Ndiyo sababu programu za sasa hazijaribu kukatakata neno herufi moja moja. Zinautafuta mstari mzima na kuusoma kama utepe mmoja. Kinachozishinda mara nyingi si umbo la herufi bali nukta. Qafu ina nukta mbili, fee ina moja, na katika chapa ndogo nukta mbili hugandana zikawa kama kistari. Picha ikiwa na ukungu kidogo, قرص (*qurs*, kidonge) inatoka فرص (*furas*), ambayo ni wingi wa fursa, na simu inakuambia utumie "fursa moja mara tatu kwa siku baada ya kula". Hilo ni kosa lenye heri, kwa sababu linachekesha na utaliona.

La hatari ni tarakimu. ٣ na ٢ zinatofautiana kwa jino moja tu, na "mara mbili kwa siku" ni sentensi safi isiyomshtua mtu. Hapa sarufi ya Kiarabu inatupa njia ya kuhakiki. Kiarabu kina umbo la pekee la vitu viwili: mara mbili ni مرتين, *marratain*, wala haihitaji tarakimu. Wingi مرات, *marrat*, huanzia tatu. Kwa hiyo ukiona ٢ imekaa mbele ya مرات, shuku picha kabla ya kumeza. Angalia pia ٥, ambayo ni tano lakini jicho letu huiona sifuri, ilhali sifuri yenyewe ni nukta ٠ ambayo programu inaweza kuidhania uchafu wa karatasi. Ukisoma ٥٠ ukapata 5, ujue nukta imefutwa.

Sasa mwelekeo. Watu hudhani maandishi ya kulia kwenda kushoto huhifadhiwa kinyumenyume ndani ya kompyuta. Sivyo. Yanahifadhiwa kwa mpangilio wa kusomwa: katika mstari wetu qafu ni ya kwanza, kisha ree, kisha swadi. Kuyapanga kuanzia kulia ni kazi ya kioo wakati wa kuonyesha. Vurugu huanza pale programu ya kutambua herufi inapoyatoa kama ilivyoyaona, kushoto kwenda kulia, au unapoyabandika kwenye programu ya michoro isiyojua Kiarabu: herufi zinaachana na neno linageuka kinyumenyume. Mtafsiri akipewa hayo hatoi chochote cha maana.

Huhitaji kukijua Kiarabu ili kuligundua hilo. Tafuta tee marbuta, ile ة yenye nukta mbili juu ya duara. Kazi yake ni kufunga neno, kwa hiyo mahali pake ni ukingo wa kushoto. Ukiikuta inaanza maneno upande wa kulia, maandishi yamepinduliwa. Alifu na lamu za *al-* nazo zikae mwanzoni, yaani kulia.

Namba ndizo zinazochanganya, kwa sababu hata katikati ya Kiarabu tarakimu zenyewe huandikwa kushoto kwenda kulia. Zikitenganishwa kwa kistari au nafasi, kila kundi linabaki sawa ndani yake lakini makundi yanapangwa kuanzia kulia. Joto la kuhifadhia dawa, 15 hadi 25, linaonekana kwenye kioo ٢٥ ikiwa kushoto na ١٥ ikiwa kulia, na msomaji wa Kiarabu haoni ajabu. Kwa joto hakuna madhara. Kwa namba ya simu iliyogawanywa makundi matatu, utapiga kwa mtu mwingine.

Tunakuja kwenye irabu. Fataha, kasra na dhuma huwekwa zote katika msahafu na vitabu vya watoto. Lebo, mabango, mikataba na magazeti havina. Hizo haziwezi "kutambuliwa" kwa kuboresha picha, kwa sababu kwenye karatasi hazipo. Hukisiwa, na kinachokisia ni maneno ya jirani. Pakiti hiyohiyo huwa na onyo hili:

يحفظ بعيدا عن متناول الأطفال

Neno la kwanza ni يحفظ. Likisomwa *yahfadhu*, ni anahifadhi, au hata anakariri, kama mtu anayehifadhi Kurani. Likisomwa *yuhfadhu*, ni huhifadhiwa. Herufi ni zilezile nne. Kinachoamua ni kwamba sentensi haina mtendaji, na maneno yanayofuata, "mbali na mikono ya watoto", ni ya maagizo. Ukikata picha ukabakiza neno hilo peke yake ili "lionekane vizuri", umeitupa dalili yote iliyokuwepo. Ndiyo maana nashauri kupiga picha ya sentensi nzima, mistari ikiwa imenyooka, hata kama herufi zitakuwa ndogo kidogo.

Kwenye kompyuta, programu huria ya Tesseract inakuwezesha kuona kazi ya kwanza kabla ya kuingia ya pili:

```
tesseract lebo.jpg matokeo -l ara --psm 6
```

`ara` ni data ya Kiarabu, ambayo lazima iwe imesakinishwa, na `--psm 6` inaiambia ichukulie picha kuwa ni bunda moja la maandishi yaliyopangwa. Fungua `matokeo.txt`, linganisha tarakimu na picha moja baada ya nyingine, hesabu nukta za maneno yanayokutia shaka, ndipo upeleke kwenye tafsiri. Simu nyingi nazo hukuruhusu kunakili maandishi ya asili. Fanya hivyo badala ya kuamini kilichobandikwa juu ya picha.

Usijaribu njia hii kwa barua za Kiswahili za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata kama umezikuta kwenye kasha la babu na hamu imekushika. Programu imezoea maneno ya Kiarabu na italivuta neno la Kiswahili kuelekea la Kiarabu linalofanana nalo. Katika hati hizo bee moja inaweza kusimama badala ya b au p, fee badala ya f au v, na kasra ikabeba i na e pia. Irabu ambazo Mwarabu anaweza kuziacha, kwetu ndizo zinazolifanya neno lisomeke, na programu iliyofunzwa kwa maandishi yasiyo na irabu mara nyingi huzidondosha. Hapo mtafute mzee anayezisoma.