Mchanganuo wa Kazi za Mradi: Ugawaji Ukome Wapi?

Mchanganuo wa kazi hugawa mradi kwa kufuata vitu vitakavyokabidhiwa, si kwa kufuata shughuli zitakazofanywa. Ngazi ya juu kabisa huwa ni mradi wenyewe, na ngazi ya chini kabisa huwa ni mafungu ya kazi, ambayo ndiyo hukadiriwa gharama na muda, hupewa msimamizi na kufuatiliwa. Kuanza kugawa si kazi ngumu. Wengi hukwama katika kujua pa kuishia.

Tuchukue mradi wa kuhamisha majalada 12,000 ya masijala kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Ngazi ya pili ina matawi matano: majalada, nakala za kielektroniki, mfumo wa kuhifadhia, watumiaji waliofunzwa, na usimamizi wa mradi. Kanuni ya asilimia 100 hudai kwamba matawi ya chini yakijumlishwa yalingane na kazi yote ya tawi lililo juu yake, pasipo pengo wala kitu kuhesabiwa mara mbili. Njia nyepesi ya kuipima ni kuanzia chini na kuuliza: haya yote yakikamilika, je, mradi utakuwa umekwisha? Hapo ndipo mara nyingi hugundulika kwamba hakuna aliyeandika kazi ya kurudisha majalada kwenye rafu, na kwamba nakala zote zingeweza kuwa tayari huku karatasi zenyewe zikiwa zimerundikwa sakafuni.

Sasa tuliangalie tawi la nakala. Ikiwa kila jalada lina wastani wa kurasa 40, jumla ni kurasa 480,000. Skana mbili, kila moja ikiwa na mhudumu wake na ikitoa kurasa 3,000 kwa siku, zitamaliza kazi hiyo kwa siku 80 za kazi. Tawi hili likiachwa kama fungu moja, msimamizi atapokea taarifa za "tunaendelea vizuri" kwa miezi kadhaa bila kuwa na kitu cha kukagua. Kwa kuwa taarifa za mradi hutolewa kila baada ya wiki mbili, yaani siku 10 za kazi, tunaligawa katika makundi manane ya majalada 1,500. Kila kundi lina kurasa 60,000, na kila taarifa inakuwa na kundi lililokwisha au lisilokwisha.

Wapo wanaotumia kigezo cha saa 8 hadi 80 kwa kila fungu. Kundi letu lina wahudumu wawili wanaofanya kazi saa 8 kwa siku, hivyo linafikia saa 160 na kukivuka kigezo hicho. Kwa maoni yetu hilo si kosa, kwa sababu kigezo hicho ni cha kukadiria tu. Lenye uzito zaidi ni kwamba fungu lisipitilize kipindi kimoja cha taarifa.

Kishawishi kinachofuata ni kuligawa kila kundi tena: kutoa pini, kupitisha kurasa kwenye skana, kuyapa mafaili majina, kukagua ubora. Hatua tatu za kwanza hufanywa na watu wale wale, siku zile zile, na hakuna hata moja inayotoa kitu kinachoweza kupokelewa peke yake. Kuzitenga kungeongeza mistari 24 ya kufuatilia, na wahudumu wangelazimika kukisia saa walizotumia kwa kila hatua. Hizo ziandikwe kwenye ratiba au kwenye mwongozo wa kazi, si kwenye mchanganuo. Ukaguzi wa ubora una hali tofauti. Ikiwa unafanywa na maofisa wa masijala, ambao hawako chini ya msimamizi wa skana, basi ni fungu lake lenyewe, kwa kuwa fungu moja halipaswi kuwa na wawajibikaji wawili.

Matawi hayalazimiki kufikia kina kimoja. Mafunzo ya watumiaji, kwa mfano, hayawezi kuchanganuliwa kwa uhakika kabla mfumo haujachaguliwa, kwa hiyo tawi hilo hubaki na makadirio ya jumla na tarehe ya kurejewa. Kulichanganua mapema kwa ajili ya ulinganifu wa mchoro ni kubuni takwimu.

Dalili ya fungu lililoachwa likiwa kubwa mno huonekana kwenye taarifa: asilimia 90 leo, asilimia 90 wiki mbili baadaye, kisha 95. Tunashauri fungu fupi lihesabiwe sifuri hadi litakapopokelewa, kisha lihesabiwe 100. Iwapo kwa hesabu hiyo vipindi viwili vinapita bila fungu lolote la tawi fulani kufungwa, tawi hilo lichanganuliwe upya, na mabadiliko yake yaidhinishwe kabla ya kuingizwa kwenye mpango.