Rimu ni bakuli, si sahani: kuvalisha gari rimu mpya kwenye picha

Wauzaji wa rimu wa pale Mwanjelwa, Mbeya, huniletea kazi moja inayojirudia. Mteja ana gari lake, amelipiga picha kwa simu, na kabla hajatoa pesa anataka kuona litakavyokaa likivalishwa rimu fulani. Mimi natoa rimu za zamani kwenye picha, naweka mpya, na mtu akitazama asijue pameguswa wapi.

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii ilirudishwa. Nilichukua picha ya rimu iliyopigwa uso kwa uso, nikaibana kwa `Ctrl+T` ya Photoshop mpaka ikaenea ndani ya tairi, nikaongeza kivuli kidogo, nikatuma. Mwenye gari aliiangalia akasema, "Kaka, hii si umebandika stika?" Hakuweza kunieleza kasoro iko wapi, ila jicho lake lilikuwa limeiona. Nilirudi kuikodolea macho picha ya awali jioni nzima ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeibana rimu kama sahani, na rimu ni bakuli. Ina ukingo wa nje, ina spoki zinazoingia ndani, ina kitovu cha nati ambacho mara nyingi kimezama kuliko vyote, na nyuma yake kuna pipa linaloendelea mpaka kwenye breki. Gari likitazamwa kwa pembe, kila kimoja kati ya hivyo kinahama kwa kiasi chake. Ukivihamisha vyote kwa pamoja, umetengeneza stika.

Nitaeleza kwa gari moja nililolifanyia kazi, Toyota Mark X iliyopigwa picha Uyole asubuhi baada ya mvua. Bampa la mbele liko kushoto kwa picha, ubavu unaonekana wote, na chini kuna dimbwi. Lilikuwa na tairi za 215/60R16, na mwenyewe alitaka rimu za inchi 18 zenye spoki 5.

Kabla ya kugusa picha, pata kipimo. Namba za tairi zinakupa kila kitu. Kwenye 215/60R16, ukuta wa tairi ni asilimia 60 ya upana wake wa milimita 215, yaani milimita 129. Inchi 16 za rimu ni milimita 406, ukijumlisha kuta mbili unapata kimo cha milimita 664. Tairi ya 225/45R18 ukiipigia hesabu hiyohiyo inatoka 660. Kwa hiyo gari halipandi wala halishuki: tairi inabaki na ukubwa uleule, rimu inakua, ukuta wa mpira unapungua. Nimeona picha nyingi ambazo rimu imekuzwa pamoja na tairi lake, na gari linaonekana limevaa matairi ya lori.

Kwenye picha yangu tairi la mbele lilikuwa na kimo cha pikseli 880. Gawanya kwa 664, unapata pikseli 1.325 kwa kila milimita. Rimu ya inchi 18 ukiongeza midomo yake miwili, kama milimita 17 kila upande, inafika 492 hivi. Kwenye picha ni pikseli 652 kwenda juu.

Upana unatoka kwenye rimu ya zamani. Duara likitazamwa kwa pembe linakuwa duaradufu, na uwiano wa upana wake kwa kimo chake unakuambia umesimama wapi. Rimu ya zamani ilikuwa na upana wa 405 na kimo cha 584, yaani 0.69, ambayo ni kosaini ya pembe ya nyuzi 46 hivi. Basi mpya inakuwa 652 kwa 452. Usichukue namba hizi ukazipeleka kwenye gurudumu la nyuma. Lile liko mbali zaidi na linaonekana kwa pembe kali zaidi. Kwenye picha hii uwiano wake ulikuwa 0.6. Kila gurudumu linapimwa lenyewe.

Sasa bakuli. Katalogi ya rimu ile ilionyesha kitovu kimezama milimita 40 kutoka ukingoni. Kina hicho kinageuka kuwa mwendo kwenye picha kwa hesabu hii:

```
mwendo = kina_mm × sin(pembe) × pikseli_kwa_mm
40 × 0.72 × 1.325 = 38
```

Pikseli 38 ni nyingi. Ni karibu upana wa nati mbili kwenye picha hiyo, ndiyo maana yule mteja wa kwanza aliona stika. Kitovu kinahamia upande gani? Kinafuata mwelekeo wa ekseli, kwenda ndani ya gari. Kuujua, tafuta kitu kinachojirudia kushoto na kulia kwa gari, kwa mfano pembe za chini za taa mbili za mbele, uvute mstari kupita hapo. Bampa likiwa kushoto kwa picha, kilichozama kinahama kwenda kushoto, na kwa kuwa simu ilikuwa juu kuliko gurudumu, kinapanda kidogo pia. Upande wa kulia wa tundu ndipo ukuta wa ndani wa pipa unapoonekana. Ukikuta picha ambayo pipa linaonekana upande wa bampa, huyo fundi amegeuza.

Kwa hiyo naigawa rimu kwenye leya tatu: ukingo, spoki na kitovu. Zote nazifanya `Smart Object` ili nikizivuta mara kumi zisichuje. Ukingo unabaki mahali pake. Kitovu nakisogeza zile pikseli 38. Spoki nazifuata kwa `Warp`, ncha za nje zikiwa zimeshikilia ukingo na ncha za ndani zimekwenda na kitovu. Bado spoki zitakuwa nyembamba kama karatasi, kwa sababu picha ya uso kwa uso haina mbavu za spoki. Unene wake ulikuwa kama milimita 25, kwa hesabu ileile pikseli 24. Narudufu leya ya spoki, naitia giza, kisha kwa kifaa cha `Move` nashika `Alt` na kubonyeza mshale wa kushoto. Kila mbonyezo unatoa nakala iliyosogea pikseli moja. Mibonyezo 24, naziunganisha nakala zote, naziweka chini ya spoki za mbele, na ubavu umezaliwa. Hatua hii naipenda kuliko zote, maana hapo ndipo rimu inapopata uzito wa chuma.

Nyuma ya spoki kuna breki, na watu wengi hupotea hapa. Diski na kalipa vinatoka kwenye picha ya zamani, na havikuzwi. Rimu imetoka inchi 16 kwenda 18, diski ni ileile, kwa hiyo kati ya diski na pipa sasa kuna nafasi zaidi. Ukikuza diski pamoja na rimu, fundi yeyote wa gereji atakuuliza umebadilisha breki lini.

Kuhusu mwanga nina jambo moja la kusisitiza: rimu inazunguka, mwanga hauzunguki. Magurudumu mawili ya gari lililosimama kwa kawaida hayawi na spoki zimeelekea sawasawa, hivyo uzungushe moja. Lakini picha ya katalogi imekuja na mng'ao wake wa studio, na ukizungusha rimu, mng'ao unazunguka nayo. Mbele inang'aa juu, nyuma inang'aa pembeni, kana kwamba kuna majua mawili. Ndiyo sababu naanza kwa kuondoa rangi na kupunguza ukali wa weupe na weusi kwa `Curves` mpaka rimu ifubae. Naizungusha ikiwa imefubaa. Baada ya kuipachika ndipo nachora mwanga wa Uyole juu yake.

Mwanga huo unafuata umbo la bakuli. Sehemu ya chini ya pipa inatazama juu, kwa hiyo inaakisi anga, nayo inakuwa nyeupe. Sehemu ya juu inatazama chini na imefunikwa na madigadi, hivyo inakuwa na giza lenye rangi ya ardhi. Asubuhi ile wingu lilikuwa limeshuka na udongo mwekundu ulikuwa umelowa. Nilichovya rangi ya udongo kutoka kwenye picha yenyewe na kuipaka juu ya pipa kwa leya ya `Multiply`, kidogokidogo. Ukingo uliong'arishwa ni kioo: una weupe wa anga juu, utepe mweusi wa miti na nyumba katikati, na ardhi chini. Utepe huo unabaki umelala kwenye magurudumu yote mawili hata spoki ziwe zimeelekea wapi. Kwa weusi wa mwisho nalinganisha na kivuli kilicho chini ya madigadi. Hakuna kitu kwenye rimu kinachotakiwa kuwa cheusi kuliko hapo.

Likabaki dimbwi. Nilikuwa karibu kutuma kazi nilipoona kwamba majini gari bado limevaa rimu za zamani. Wazo la haraka ni kurudufu gurudumu jipya na kuligeuza juu chini. Hilo halitoshi. Kwenye gurudumu lenyewe, kitovu kilichozama kimepanda kidogo. Ukipindua nakala, majini kitakuwa kimeshuka. Lakini ekseli ya taswira ya majini inaelekea pointi ileile ya upeo wa macho kama ekseli yenyewe, na iko chini zaidi, kwa hiyo nako kitovu kinatakiwa kipande, tena zaidi kuliko juu. Nilipindua leya zile tatu, nikarudisha kitovu upande wa juu na kupangilia spoki upya, kisha nikafifisha ukali na kukoleza rangi ya matope. Mawimbi madogo niliyaacha ya picha ya zamani kwa kutumia maski.

Picha nyingine hazitengenezeki, na ni vizuri kumwambia mteja mapema. Simu ikisogezwa karibu sana na gurudumu, duaradufu inavutika, na hesabu ya pembe niliyoeleza haishiki tena. Usukani ukiwa umekatwa, gurudumu la mbele lina ekseli yake peke yake na mstari wa taa hausaidii. Siku hizi wauzaji wakinipigia nawaambia mteja anyooshe usukani, arudi nyuma hatua sita au saba, avute kwa zumu badala ya kusogea, na simu ashike usawa wa kioo cha pembeni. Nawaambia pia wahesabu nati. IST za mwanzo zina nati 4 na Mark X ina 5, na nikiivalisha IST rimu ya nati 5 kwenye picha, mteja atalipia kitu ambacho hakifungiki kwenye gari lake.

Mwenye Mark X alipotumiwa picha, aliikuza kwa vidole akaanzia kwenye dimbwi. Kisha akauliza kama rimu zile zipo pia za rangi ya kijivu.