Mkurugenzi wa asilimia 120: namna ya kuandika maelezo ya bajeti ya ruzuku

Mwaka jana niliitwa Tukuyu kupitia maombi ya ruzuku ya shirika dogo linalofanya kazi na wakulima wa parachichi. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Niliomba waniletee na bajeti ya mradi wao mwingine, ule ambao tayari unaendelea, nikaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilisema mkurugenzi atatumia asilimia 60 ya muda wake. Ya pili nayo ilisema asilimia 60.

"Mama," nikamwambia mkurugenzi, "hapa umeshauza asilimia 120, na usimamizi wa ofisi bado hatujauhesabu."

Akacheka. "Mwanangu, si ndivyo tunavyofanya kazi? Mpaka saa nne usiku nipo hapa."

Namwamini kwamba yupo ofisini mpaka saa nne usiku. Lakini mfadhili halipi kwa saa za usiku. Analipa sehemu ya mshahara mmoja, na mshahara huo hauwezi kugawanywa ukazidi wenyewe. Kwenye kazi yangu ya uhasibu wa ruzuku hapa Mbeya, kosa hili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na hutokea pale ambapo bajeti imeandikwa kwanza, maelezo yakaja baadaye kuitetea. Inatakiwa kuwa kinyume chake. Maelezo ya bajeti ni hesabu iliyoandikwa kwa maneno: nani, anafanya nini, siku ngapi, kwa bei gani, na kwa nini mradi huu ndio ulipe. Tarakimu ya kwenye jedwali inatakiwa itoke humo.

Tuchukue shirika hilohilo, tarakimu nikiwa nimezizungusha kidogo zisimtambulishe mtu. Lina watumishi sita, na mkurugenzi ndiye pia mratibu wa miradi. Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Juu ya huo mwajiri anachangia asilimia 10 NSSF, yaani 180,000, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 9,000. Gharama yake halisi kwa shirika ni 1,989,000. Tozo ya kuendeleza ujuzi hailihusu shirika hili, kwa sababu inaanzia kwa mwajiri mwenye watumishi kumi. Liandike hilo kwenye maelezo, sentensi moja tu, kwa kuwa anayechambua maombi akiona tozo haipo atajiuliza kama mmeisahau. Wengi huweka mshahara ghafi peke yake, halafu michango ya mwajiri inakuja kuwaumiza mwezi wa kwanza wa mradi.

Sasa ile asilimia. Usianze kwa kuuliza bajeti imebakiza nafasi kiasi gani. Anza na siku. Mwaka una siku kama 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Likizo ya mwaka kwa sheria yetu ya ajira ni siku 28 mfululizo, ambazo ndani yake siku za kazi ni 20. Ondoa na sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki, unabaki na siku 225 hivi za kufanya kazi kweli. Hizo ndizo za kugawa.

Tulikaa na yule mama tukaorodhesha kazi zake za mradi mpya. Vikao na vikundi vya wakulima katika kata nne, siku moja kila kata kwa mwezi: siku 48 kwa mwaka. Kumsimamia afisa ugani na kupitia kazi zake, siku mbili kwa mwezi: 24. Taarifa ya kila robo mwaka, siku sita kila moja: 24. Tathmini ya mwisho, siku tano. Jumla ni siku 101, nazo ukizigawa kwa 225 unapata asilimia 45. Hesabu kama hiyo kwa mradi wa zamani ilitoa 35. Asilimia 20 iliyobaki ni kazi ya kuendesha shirika: bodi, mikataba ya watumishi, kutafuta fedha, na hiyo haina mradi. Hapo ndipo aliponyamaza kidogo, maana alikuwa amezoea kuiona kama kazi ya bure.

Maelezo yake kwenye maombi yakawa hivi: "Mkurugenzi atatumia asilimia 45 ya muda wake, sawa na siku 101 kati ya siku 225 za kazi, kwa vikao vya wakulima katika kata nne (siku 48), usimamizi wa afisa ugani (24), taarifa nne za robo mwaka (24) na tathmini ya mwisho (5). Gharama: 1,989,000 x 45% x miezi 12 = 10,740,600. Asilimia 35 inalipwa na mradi mwingine, na 20 imo kwenye gharama za uendeshaji." Sentensi ya mwisho watu huiruka, wakati ndiyo inayomfanya mchambuzi asikuandikie barua ya maswali.

Kumbuka asilimia hiyo ni makadirio. Mradi ukianza, kinachohalalisha malipo ni fomu ya muda wa kazi inayojazwa kadiri siku zinavyokwenda. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zinalisema hili waziwazi: makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa mshahara uliotozwa. Na muda halisi haulingani mwezi hadi mwezi. Rungwe mvua za Machi na Aprili zikikolea, njia za kata za juu hazipitiki, vikao vinaahirishwa, na mkurugenzi anajikuta ofisini akifanya kazi nyingine. Fomu ya Aprili ikionyesha 30 na ya Julai 58, mimi naziamini. Zikionyesha 45 miezi yote 12, najua zimejazwa siku moja. Niliwahi kushika fomu za mwaka mzima zilizoandikwa kwa kalamu moja yenye wino unaofifia: Januari uliiva, Desemba ulikuwa karibu kukatika. Humo mtumishi alikuwa amejaza saa nane za kazi ya ofisini tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nanenane, siku ambayo shirika zima lilikuwa na banda viwanja vya John Mwakangale. Tofauti kati ya makadirio na fomu si kosa. Ikiwa kubwa, rekebisha kiasi unachotoza, na kama mkataba unataka kibali cha mfadhili, kiombe mapema.

Turudi kwenye ile asilimia 20 na wenzake, yaani gharama za uendeshaji. Hizi ni zile zinazohudumia shirika zima kiasi kwamba huwezi kusema kwa haki ni za mradi upi. Kwa shirika letu zilikuwa hivi kwa mwaka: sehemu ya mkurugenzi 4,773,600, kodi ya ofisi 3,600,000, umeme, maji na intaneti 2,400,000, ukaguzi wa hesabu 4,000,000, na asilimia 40 ya mhasibu, ile isiyo ya mradi wowote, 5,304,000. Jumla ni 20,077,600. Gharama za moja kwa moja za miradi yote miwili ni 167,000,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata asilimia 12. Hicho ndicho kiwango chenu halisi, na mnapaswa kukijua hata kama mfadhili hakiulizi.

Balaa liko kwa mhasibu. Katika rasimu ya kwanza walimweka asilimia 25 kwenye mradi mpya, 35 kwenye wa zamani, kisha wakamwingiza mzima kwenye kapu la uendeshaji, kwa hoja kwamba "mhasibu ni wa shirika". Kwa hiyo asilimia 60 ya mshahara wake ingelipwa mara mbili: mara moja kwa jina lake, mara ya pili imejificha ndani ya kiwango. Kapu lilivimba hadi 28,033,600 na kiwango kikaruka kutoka 12 hadi karibu 17. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini mkaguzi hapimi nia. Kipimo ninachotumia ni chepesi: chora mstari mmoja kwa kila mtumishi, andika sehemu zake zote, za miradi na ya kapu, uone kama zinafika 100 bila kuvuka. Kisha ufanye vivyo hivyo kwa kodi, intaneti na mafuta. Kitu kikiwa kapuni hakionekani tena kwenye kifungu cha mradi, labda ueleze kwa nini kile cha mradi ni kingine, kama bando la simu ya afisa ugani akiwa shambani.

Wafadhili nao wana viwango vyao. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hulipa asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, bila kudai risiti za kodi wala LUKU. Serikali ya Marekani, kwa shirika lisilo na kiwango kilichojadiliwa nayo, ilipandisha kiwango kutoka 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Lakini hakitozwi juu ya kila kitu: vifaa vikubwa kama gari na malipo ya washiriki wa mafunzo huondolewa kwanza. Ukizidisha 15 kwa bajeti nzima yenye gari ndani, umeshakosea. Na ukishakubali kiwango cha jumla, kodi ya ofisi hiyohiyo usiiweke tena kama kifungu chake. Niliwahi kuona "mchango wa kodi ya ofisi" umekaa kwa utulivu kati ya mbegu na posho za safari.

Vifungu vingine havihitaji maneno mengi. "Usafiri kwa ajili ya ufuatiliaji" hakielezi kitu. "Pikipiki, siku 8 kwa mwezi, wastani wa kilomita 60 kwenda na kurudi, lita moja kwa kilomita 30 za milima, lita 192 kwa mwaka" kinaeleza chote, na bei ya mafuta ikipanda unajua pa kurekebisha. Kifungu cha "mengineyo" mimi hukifuta.

Mfadhili wa yule mama alikuwa wa asilimia 7. Gharama za moja kwa moja za mradi wake zilikuwa 70,000,000, kwa hiyo angepata 4,900,000 za uendeshaji wakati kiwango chake halisi kinadai 8,400,000.

"Sasa hiyo milioni tatu na nusu ataitoa nani?" akauliza.

Tulichukua kapu tukaanza kulichambua upya. Ukaguzi wa hesabu, kwa mfano: mfadhili alikuwa anadai ukaguzi maalumu wa mradi wake, na mwongozo wake unaruhusu huo uwe kifungu cha moja kwa moja, mradi uwe na mkataba na ripoti yake peke yake. Huo walikuwa hawajauombea hata senti, walidhani milioni nne za ukaguzi wa mwaka zingeutosha. Kilichobaki waliamua kukilipa kwa ada za wanachama na mapato ya kitalu cha miche kilicho nyuma ya ofisi, na wakakiandika kwenye maombi kama mchango wa shirika, baada ya kuhesabu miche iliyopo na bei waliyouzia msimu uliopita.