Kutoka swali la maneno hadi milinganyo: mashine ya kuuzia inayopokea sarafu

Swali lenyewe ni fupi. Bidhaa inauzwa 15. Mashine inapokea sarafu za 5 na za 10, hairudishi chenji, na mlango unafunguka malipo yakitimia. Mtu anayeanza huchora haraka miduara na mishale, kisha hukwama, kwa sababu swali limenyamazia mambo ambayo mchoro lazima uyajibu. Mimi huanza na swali moja tu: mashine inatakiwa ikumbuke nini? Haihitaji kujua sarafu ziliingia kwa mpangilio gani. 5 kisha 10, au 10 kisha 5, ni sawa kwake. Inakumbuka jumla basi. Kwa hiyo hali ni nne: 0, 5, 10, na "imetimia".

Hali nne zinatoshea katika biti mbili, yaani flipuflopu mbili za aina ya D. Nitaziita Q1 na Q0, na hali zitaandikwa 00, 01, 10 na 11 kwa mfuatano huo. Ingizo T linakuwa 1 sarafu ya 5 ikipita, na K sarafu ya 10 ikipita. Mlango unafunguliwa na Z, ambayo ni `Q1 & Q0`.

Sasa jedwali la hali inayofuata:

```
Q1Q0   hakuna   T    K
00     00       01   10
01     01       10   11
10     10       11   11
11     00       01   10
```

Safu ya "hakuna" ndiyo wengi huisahau. Saa ya saketi inapiga hata pale mteja anapotafuta sarafu mfukoni, na 01 isipoambiwa ibaki 01, fedha yake itafutika. Mstari wa mwisho nao una uamuzi ambao haumo kwenye swali. Mlango ukishafunguliwa, pigo linalofuata linarudisha mashine kwenye 00. Lakini je, sarafu ikiingia katika pigo hilohilo? Ningeandika 00 kote, sarafu hiyo ingemezwa bure. Ndiyo maana nimeihesabu kama mwanzo wa ununuzi mpya. Katika hali 10, sarafu ya 10 inafikisha 20 na ile 5 ya ziada inapotea, ila hilo swali lenyewe limeliruhusu liliposema hakuna chenji.

Flipuflopu ya D huchukua kile inachopewa, kwa hiyo biti za jedwali ndizo maingizo yake, D1 na D0. T na K zikiwa 1 pamoja, desturi ni kuandika X, yaani "vyovyote", ili ramani ya Karnaugh itupe makundi makubwa. Nikifanya hivyo napata hii (`~` ni kinyume, `&` ni "na", `|` ni "au"):

```
D1 = K | Q1&~Q0 | ~Q1&Q0&T
D0 = T&~Q0 | T&Q1 | ~Q1&Q0&~T | Q1&~Q0&K
```

Wengi huishia hapa. Mimi hurudi kwenye zile X nikaangalia milinganyo imezijaza nini, maana saketi ikishajengwa hakuna tena "vyovyote". Weka T=1 na K=1 ukiwa 00: unapata 11, na hiyo ni sahihi, kwani 15 imetimia. Ukiwa 10 au 11 pia unapata 11, sawa kabisa. Lakini ukiwa 01, D1 ni 1 na D0 ni 0. Mteja ametia jumla ya 20, mashine inasema ana 10! Dawa yake ni kipengele kimoja tu cha ziada katika D0:

```
~Q1&Q0&K
```

Hakiharibu kitu kingine, kwa sababu 01 ikipata K tayari ilikuwa inakwenda 11. Kwa geti moja la ziada, visanduku vyote 16 vinatenda haki.

Kuna kosa lingine ambalo jedwali halionyeshi. Saketi yangu ya kwanza ilifungua mlango kwa sarafu moja ya 5. Milinganyo haikuwa na kasoro yoyote. Kihisi cha sarafu kilishikilia 1 kwa milisekunde 30 hivi, na saa ilikuwa inapiga mara 1000 kwa sekunde, hivyo sarafu moja ilihesabiwa kama thelathini. Dalili yake ni hiyo: mlango unafunguka na kufunguka tena kwa sarafu moja. Ishara ya kihisi, tuiite `t`, ipitishwe kwanza kwenye flipuflopu mbili mfululizo ili iende na saa, kisha ikumbukwe kwa pigo moja zaidi:

```
T = t2 & ~t3
```

`t2` ni tokeo la flipuflopu ya pili, na `t3` ni thamani hiyohiyo ya pigo lililotangulia. T inakuwa 1 kwa pigo moja tu, hata sarafu ikichelewa kupita. K inatengenezwa vivyo hivyo. Z nayo inadumu milisekunde moja, muda ambao hautoshi mota ya mlango, kwa hiyo naitumia kuwasha kipima muda cha pembeni badala ya kuongeza hali kwenye jedwali.