Mshahara wa kujilipa: kuzifikisha fedha za tumbaku hadi soko lijalo

Mshahara wa kujilipa ni utaratibu wa kuchukua fedha za msimu, kutenga kwanza shughuli kubwa zinazojulikana, kisha kugawa kinachobaki kwa miezi na kukichota kila mwezi kama mtumishi anavyopokea mshahara. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, hesabu inaanza na fedha halisi mkononi, baada ya chama cha msingi kukata mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine. Uzito wa mzigo ukiuzidisha kwa bei ya daraja unapata namba tamu, lakini siyo yako yote.

Tuchukue kaya ya watu sita, wengi wao watoto, iliyobakiwa na shilingi 4,200,000 mwishoni mwa Agosti. Soko jipya linatarajiwa Mei. Septemba hadi Mei ni miezi tisa, lakini malipo huchelewa baada ya mzigo kupimwa, kwa hiyo gawa kwa kumi.

Kabla ya kugawa, toa mafungu haya: mahindi gunia tano kwa 70,000, yaani 350,000, mahitaji ya shule ya Januari 250,000, vibarua wa kulima, kupalilia na kuvuna 800,000, kuni na matengenezo ya bani la kukaushia tumbaku 300,000, matibabu na dharura 300,000. Jumla ni 2,000,000. Zinabaki 2,200,000, sawa na 220,000 kwa mwezi. Bei zako zitatofautiana na hizi, ila mpangilio ni uleule.

Watu wengi wanakwama kwa kuanza na matumizi. Kaya hiyohiyo ikijizoesha 350,000 kwa mwezi, miezi kumi inakula 3,500,000 na shughuli zote za 2,000,000 zinaachiwa 700,000. Pengo halionekani Oktoba. Linajitokeza Januari na Februari, mahitaji ya shule, palizi na bei ya juu ya mahindi vikikutana. Hapo mtu anakopa gunia moja kwa ahadi ya kurudisha mawili wakati wa mavuno, na msimu ujao unaanza ukiwa umeshaliwa.

Ndiyo maana mahindi yanunuliwe mapema, yakaushwe vizuri na kuwekwa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa. Funga kila mfuko wa ndani peke yake. Ukitoboka, hewa inaingia na wadudu wanaendelea kula.

Fedha za msimu zikae akaunti tofauti na ile ya matumizi. Kila tarehe 1 hamisha 220,000 tu. Fungu likiisha kabla ya tarehe 20 kwa miezi miwili mfululizo, kiwango hicho hakitoshi: kaeni kama kaya mpunguze kitu kwa jina, au mtafute kipato cha kiangazi kama kufyatua matofali, kabla mvua za Novemba hazijaita kila mtu shambani.