Kukaa wima kama mlingoti hakulindi mgongo

“Tangu shuleni naambiwa nikae wima, nyuzi 90. Mbona jioni mgongo na shingo vinauma?”

Kwa sababu misuli inayokushikilia wima haipumziki. Egemea kidogo nyuma, nyuzi 100 hadi 110, ili kiti kibebe sehemu ya uzito, na ubadilishe mkao mara kwa mara.

Elimu ya kupanga kazi hivi huitwa ergonomia, neno linalotokana na Kigiriki: ergon ni kazi, nomos ni kanuni. Maana yake ni kuifanya kazi imfae mtu, si kumkunja mtu aifae meza.

Chukua mtu mfupi kwenye meza ya sentimita 75. Akishusha kiti miguu ifike chini, mabega yanapanda anapochapa. Basi apandishe kiti mpaka viwiko vilingane na meza, kisha aweke kibao chini ya nyayo; miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana mapaja na miguu hufa ganzi.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Laptopu ndiyo mkosaji mkubwa: ukiiinua, kibodi nayo hupanda, hivyo utahitaji kibodi nyingine ya kuunganisha.