Mtoto ana Down lakini ripoti inasema kromosomu 46, inakuaje?

Dokta naomba unisaidie, nina miaka 26, mwanangu wa kiume kakutwa na Down na ripoti imeandikwa 46,XY,der(14;21)(q10;q10),+21. Si wanasema hawa watoto wana 47? Au maabara wamechanganya sampuli?

Hawajachanganya dada. Watoto wengi wenye Down, kama 95 kwenye kila 100, ripoti yao inasomeka 47,XY,+21 au 47,XX,+21, yani kromosomu namba 21 zipo tatu na kila moja imesimama peke yake. Hiyo inatokana na jozi kugoma kuachana. Yai likitengenezwa kila jozi inatakiwa itengane, sasa ya 21 isipotengana yai linabaki nazo mbili, mbegu ya baba inaleta ya tatu, ndo trisomi hiyo. Mara nyingi shida inaanzia kwenye yai na inaongezeka na umri wa mama, kwa sababu mayai yalianza kujigawa mama mwenyewe akiwa bado tumboni kwa bibi, yakasimama katikati, na yanakuja kuendelea miaka na miaka baadaye.

Wa kwako ni tofauti. Hebu hesabu na mimi: ana 21 mbili za kawaida, ana 14 moja ya kawaida, halafu ana moja ndefu ambayo ni 14 na 21 zimeungana, ndo hiyo der(14;21). Hiyo q10 inakuonyesha zimeungania pale kwenye kiuno cha kromosomu, mikono mirefu yote miwili ipo. Vipande ni 46 sawa, ila mali ya 21 iko mara tatu. Kwa hiyo ni Down ile ile, kwa sura ya mtoto huwezi kutofautisha. Ila ukiona der kwenye ripoti ya mtoto, wazazi wote wawili lazima wapimwe, wakati kwa ile ya 47 hatuwasumbui.

Nimepima, mume wangu yuko sawa, mimi imekuja 45,XX,der(14;21)(q10;q10). Mbona nimepungukiwa moja na sijawahi kuumwa? Na zile mimba zangu zilizotoka zinahusiana?

Hujapungukiwa kitu. Una 14 moja, 21 moja na ile iliyoungana inabeba nyingine mbili, ukijumlisha kila kitu kiko mara mbili kama kwa mtu yeyote. Kilichopotea ni vile vikono vifupi, na kazi yake inafanywa na kromosomu nyingine zenye vikono kama hivyo (13, 15 na 22), ndo maana hujawahi kusikia chochote mwilini.

Shida inakuja kwenye kugawa. Kromosomu tatu zinatakiwa ziende pande mbili, na zinaweza kugawanyika kwa namna sita. Yai likibeba 14 na 21 za kawaida, mtoto ana karyotaipu, yani hesabu na mpangilio wa kromosomu, ya kawaida kabisa. Likibeba ile iliyoungana peke yake, mtoto mzima, ila mbebaji kama wewe. Likibeba iliyoungana pamoja na 21, ndo huyu kijana wako. Zilizobaki tatu mimba haifiki mwisho, ama imekosa 21, ama imekosa 14, ama ina 14 tatu. Siwezi kuapa kwa mimba zako kwa sababu mimba hutoka kwa sababu nyingi, lakini kwa mbebaji hilo ni jambo la kutegemea.

Kwa hiyo nikibeba tena ni moja kwa tatu?

Kwenye karatasi ndiyo, kwenye maisha hapana. Mama akiwa mbebaji wa 14;21, watoto wanaozaliwa na Down ni kama asilimia 10 mpaka 15, maana mimba nyingi za hivyo zinatoka mapema. Angekuwa mbebaji ni mumeo ingekuwa chini ya asilimia 2. Na kama nyie wote mngekuwa sawa, tungesema imetokea kwa mtoto tu, isingezidi asilimia 1 hivi. Kuna ripoti moja tu inayonifanya niongee taratibu na mgonjwa, 45,XX,der(21;21)(q10;q10), maana hapo 21 zote mbili zimeshikana na kila mtoto atakayezaliwa hai atakuwa na Down.

Ukibeba tena, kipimo kinachojibu ni cha kondo la nyuma, wiki ya 11 mpaka 13, au maji ya mimba kuanzia wiki ya 15, vyote vina hatari ndogo ya mimba kutoka. Omba karyotaipu kamili. Vipimo vya haraka vinahesabu tu, kwa 21 vitasema zipo tatu au hazipo tatu, ila havitakwambia kama mtoto ni mbebaji.

Wadogo zangu nao wapime?

Wale wanaotaka kuzaa, ndiyo, na wazazi wako kama wapo. Ni damu tu, iwekwe kwenye chupa ya heparini na ifike maabara mapema, kwa sababu seli zinatakiwa zioteshwe kwanza kama siku tatu ndo kromosomu zionekane, damu ikiganda au seli zikifa mtaambiwa mrudie.